Kilo Kumi na Nne za Mwalimu

Picha mbaya ya Mwalimu haikupatikana. Tuliitafuta kwenye simu yake karibu saa nzima, tumekaa ndani ya kibanda changu cha kuchapa pale Merigi, yeye akisukuma kwa kidole na mimi nikichungulia begani mwake. Tulitaka picha ya zamani ambayo angeonekana mnene na mwenye huzuni. Unene ulikuwapo. Huzuni ndiyo haikuwapo. Harusini anacheka, kanisani anacheka, shambani anacheka na kikapu mgongoni. Hata kwenye kitambulisho alionekana kama mtu ambaye mpiga picha amemwambia jambo la kuchekesha.

"Dada, si uchukue tu yoyote," alisema. "Utaiharibu mwenyewe."

Nikaiharibu. Nilichukua ile ya harusi ya mpwa wake, nikaitoa rangi ikawa ya kijivu, nikamtia kivuli usoni mpaka kile kicheko kikafanana na maumivu ya jino. Kando yake nikaweka picha mpya, yenye rangi zote na jua. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mwalimu si mwalimu wa shule. Ni mkulima wa majani ya chai kama majirani zake, na zamani alicheza netiboli. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayetufanyisha mazoezi. Nasema "tunamwita" ingawa wakati huo mimi nilikuwa sijawahi kunyanyua hata mguu. Mazoezi yenyewe hufanyika kwenye kituo cha kupimia majani, kile kibanda cha mabati chenye sakafu ya simiti ambapo wakulima hungoja gari la kiwanda. Gari huchelewa. Zamani wanawake walikuwa wanangoja kwa kukaa juu ya magunia na kusengenya watu. Mwalimu akaona, basi na tusengenye tukiwa tumesimama. Akaanza na kuinua mikono, akaongeza kuchuchumaa, akaleta spika ndogo ya nyimbo za kwaya, na kufikia mwisho wa miezi mitatu kulikuwa na wanawake kumi na wawili wanaoruka huku majani yao yakiwangoja pembeni.

Sasa alitaka wengine wajue. Alitaka posti yenye kapsheni, na stori ya vipande vitatu vya kupita kwenye simu. Kazi yangu ni hiyo: naandikia watu maneno ambayo wao watayasema. Duka la mbegu, saluni, kikundi cha maziwa, wote huja kwangu. Mtu hunipa jambo lake, nami nalivalisha.

"Umepungua kilo ngapi?" nilimuuliza.

"Kumi na nne. Nilikuwa tisini na moja, sasa ni sabini na saba."

Niliandika bila kuuliza lingine. Hapo ndipo huwa nashindwa kujielewa. Mimi ni mtu wa kuuliza mpaka watu wananikimbia. Nimewahi kumuuliza mchungaji kwa nini mahubiri yake ya Pasaka hayabadiliki. Lakini namba hiyo ilikuwa tamu, na utamu humfunga mtu mdomo. Kapsheni ilitoka hivi:

"Kutoka kule hadi hapa! Kilo 14 ndani ya miezi mitatu. Bila jim, bila dawa, bila kutumia chochote ila nia. Mimi mama wa kuchuma majani nimeweza. Wewe una kisingizio gani?"

Kwenye stori nikaweka kipande kimoja kilichosema: "Waliniita gunia. Leo wananiita nani?" Mwalimu alisoma akakunja uso kidogo.

"Lakini hakuna mtu aliniita gunia."

"Ni maneno tu," nikamwambia. "Watu wanapenda."

Watu walipenda. Posti ilizunguka kijiji kwa kijiji, na wiki iliyofuata wanawake walifika mpaka wengine wakawa wanaruka nje kwenye nyasi. Wapo pia waliomuuliza Mwalimu kwa sauti ya chini kama anaumwa. Kwetu mtu akikonda, swali la kwanza huwa ni ugonjwa, na la pili ni kama mume anamlisha. Yeye aliwajibu kwa kicheko. Mimi nilikuwa nakwenda kuangalia, nikisimama mlangoni na mikono kifuani, nikifurahia kazi ya mikono yangu.

Kati ya wale kumi na wawili wa kwanza kulikuwa na Kogo. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na kila mtu pale humwita hivyo, wajukuu wake na wasio wajukuu wake. Ana ugonjwa wa sukari na anameza vidonge. Alikuwa anafanya mazoezi akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akiinua miguu mmojammoja kwa heshima kubwa. Nesi wa zahanati ndiye aliyemwambia autikise mwili, na tangu aanze alikuwa akijisifu kwamba sasa anainuka kwenye benchi la kanisa bila kumshika jirani yake.

Alasiri moja, kama wiki mbili baada ya posti, Kogo aliacha kuinua miguu. Nilikuwa mlangoni nikamwona. Mikono ilikuwa inatetemeka, jasho limemtoka kwenye paji la uso ingawa palikuwa na baridi ya mvua, na alipoitwa alijibu neno lisiloeleweka. Mwalimu alizima spika.

"Kogo, umechoka?"

Mwanamke mmoja ambaye mama yake naye ana sukari ndiye aliyejua. Alisukuma watu, akafungua chupa yake ya chai, akauliza nani amebeba sukari, akakoroga vijiko vingi, akamnywesha Kogo polepole akihakikisha anameza. Baada ya muda, labda dakika kumi, Kogo alituangalia mmojammoja kama mtu anayehesabu kuku wake, akauliza kwa nini muziki umenyamaza.

Tulimpeleka zahanati. Nesi alimtoboa kidole akasoma kile kimashine chake, akatikisa kichwa.

"Kogo, leo umekula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Chai."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, nesi alimwambia hivyo hivyo usoni, bila kumbembeleza. Ikajulikana kwamba kwa wiki mbili Kogo alikuwa anameza vidonge vyake asubuhi kama kawaida halafu hali kitu mpaka jioni, na jioni anaonja tu. Nesi alimweleza taratibu: vidonge vile vinashusha sukari, na usipokula, inashuka kupita kiasi, na mtu anaweza kuanguka asiamke. Asiruke chakula. Akitaka kubadilisha namna ya kula, aje waongee kwanza. Arudi tena baada ya siku chache wapime.

Kogo aliitikia kila neno. Mimi na Mwalimu tukamsindikiza nyumbani, binti mkwe wake akampakulia ugali na mboga, na Kogo akausogeza ule ugali kwa vidole kama anatafuta mawe.

"Nitakula kesho."

"Kogo!" nilisema. "Si umesikia nesi?"

"Nesi nimemsikia. Nesi anasema kula." Alimgeukia Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Lakini wewe umeandika huna kisingizio. Nimesoma mwenyewe na miwani yangu, binti yangu amenitumia kutoka Londiani. Miezi tatu, kilo kumi na nne. Wewe hujawahi kunidanganya. Na mimi nimepungua mbili tu. Kwani mimi ni mvivu?"

Mimi ndiye niliyetaka ardhi ipasuke. Neno "kisingizio" lilikuwa langu. Nililichagua mimi, nikalipenda, na sasa lilikuwa limekaa kati ya mwanamke mzee na sahani yake.

Njiani kurudi niliona aibu, lakini nilimfahamu Kogo vya kutosha kujua kwamba aibu yangu haitamlisha. Asingemsikia nesi wala mimi. Alimwamini Mwalimu, na Mwalimu alikuwa ameshasema. Kama kuna neno la kumrudisha kwenye chakula, lilipaswa kutoka mahali lilikotoka lile la kwanza.

Hapo ndipo swali langu lililochelewa lilipoamka. Mbili kwa Kogo, kumi na nne kwa Mwalimu, mazoezi yaleyale. Kogo anakaa kwenye kiti, sawa. Lakini niliwauliza wale wengine kumi na mmoja, wanaoruka kama mbuzi. Mmoja tatu, mwingine nne, mmoja hakupungua hata kidogo ila magoti yamepona. Hakuna aliyekaribia hata nusu ya kumi na nne. Mwalimu alikuwa amekula nini ambacho sisi hatukijui?

"Ulipimwa wapi?" nilimuuliza siku iliyofuata. Alikuwa shambani, anachuma, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Mwisho nilipimwa zahanati."

"Na mwanzo?"

Alisimama. "Mwanzo tulipimwa pale kituoni. Siku ya kwanza kabisa. Kwa mizani ya majani."

Mizani ya majani haikanyagwi. Inaning'inia. Gunia hutundikwa kwenye ndoano, namba inawaka. Nilijaribu kumwona Mwalimu ametundikwa pale nikashindwa kujizuia kucheka, naye akacheka, na akaniambia niende nikamuulize karani mwenyewe.

Karani huja na gari. Ni kijana mpole anayepima majani ya watu mia na kutukanwa na nusu yao. Nilimsubiri amalize kupima, nikamuuliza kama anaikumbuka siku hiyo.

"Nitasahau aje?" alisema. "Ilikuwa mvua. Wamama wamesimama hapa wote. Mwalimu akashika ndoano na mikono mbili, akakunja miguu. Akaanza kucheka. Sasa mtu akicheka kwa mizani, mizani inacheza. Themanini na tatu, tisini, themanini na sita. Mimi nilikuwa nangoja itulie."

"Na ikatulia?"

"Haikutulia. Wamama walikuwa wanapiga kelele. Ilipogonga tisini na moja wakashangilia kama mpira umeingia, mtu akaandika. Mimi nikaacha. Madam, hapa kwa majani mtu akiona namba kubwa, nani atasema ipunguzwe?"

Alikuwa amesema ukweli wote wa nchi yetu. Tangu tukiwa watoto, kwenye kibanda kile, kilo nyingi ni sifa. Mama akifikisha gunia zito anapigiwa makofi, akileta jepesi anaulizwa kama alilala. Wanawake wale hawakudanganya. Waliona namba inapanda na midomo yao ikafanya kile ilichozoea.

"Alikuwa amevaa nini?" nikauliza.

"Kila kitu. Gumbuti, ile aproni ya kuchumia ya plastiki, koti, sweta. Yote maji."

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwomba kitu kimoja zaidi: kadi yake ya zahanati. Alikuwa anapimwa presha mara kwa mara tangu kabla ya mazoezi, na nesi huandika uzito kila mara, mtu akiwa amevua viatu, kwenye mizani ileile. Tulifungua kadi juu ya meza yake. Siku chache kabla ya siku ile ya ndoano, mwandiko wa nesi ulisema themanini na mbili.

Themanini na mbili hadi sabini na saba. Hatukuhitaji kalamu.

Mwalimu alikaa chini.

"Tano," alisema mwishowe. "Hizo tisa zilikuwa ni maji na gumbuti."

"Na kubembea."

Hakucheka. "Sasa nikiandika tano watasema nini? Watasema mimi ni mwongo. Wamama wamekuja kutoka huko kote sababu ya kumi na nne. Nani atakuja kwa tano?"

Nilielewa. Si yeye aliyesema uongo, lakini ni uso wake uliokuwa kwenye posti. Nilimwambia tunaweza kuifuta tu, kimya kimya, na watu watasahau. Nasema ukweli, nilitaka hivyo mimi pia. Ni yeye aliyetikisa kichwa.

"Tukifuta, Kogo atajuaje?"

Basi tukaanza upya. Safari hii niliuliza. Nilimuuliza ni nini anaweza kufanya leo ambacho hakuweza miezi mitatu iliyopita. Alifikiri kilo, nikamwambia aache kilo. Akasema hajui. Nikamfuata. Nilimfuata kutoka shambani kwake hadi kituoni, yeye na kikapu kimejaa, mimi na daftari tu, na katikati ya mlima mimi nikasimama kushika mbavu huku yeye akiendelea kuzungumza na hewa. Aligeuka akaniona niko chini.

"Hapo!" alisema. "Hapo ulipo ndipo nilikuwa natua mzigo. Kila siku. Sijatua hapo mwezi sasa, na sikuwa nimejua."

Niliandika hilo nikiwa bado nahema. Tukaongeza kwamba analala vizuri zaidi. Alitaka tuandike pia kwamba presha yake imeshuka. Tuliangalia kwenye kadi tukaona imeshuka kidogo, lakini nesi alikuwa amembadilishia dawa mwezi uleule, kwa hiyo hatukujua shukrani ni ya nani, ya dawa au ya kuruka. Tukaiacha. Picha ya harusi niliirudishia rangi zake zote, na kile kicheko. Kapsheni mpya alinisemea yeye, mimi nikapanga tu:

"Posti yangu ya kwanza ilikuwa na makosa na naomba mnisamehe. Niliandika kilo 14. Mara ya kwanza nilipimwa kwa mizani ya majani, nikiwa na gumbuti na nguo za mvua, huku nikicheka. Mara ya mwisho nilipimwa zahanati bila viatu. Kadi ya zahanati inasema nimepungua kilo 5. Mwili wako si wangu: unaweza kupungua zaidi, au kidogo, au usipungue, na mazoezi bado yakakufaa. Mimi sasa napanda mlima wa kituoni bila kutua kikapu. Usiache kula kwa sababu yangu. Kama unameza dawa za sukari au presha, ongea na nesi kabla ya kubadilisha chochote. Tunangoja gari pamoja. Kiti kipo pia."

Kwenye stori tulitumia vipande viwili tu. Cha kwanza kilikuwa picha ya harusi: "Huyu ni mimi, na siku hii nilikuwa na furaha. Sikuwa mbaya." Cha pili kilikuwa sakafu ya kituo, tupu, na saa za mazoezi.

Nilimuuliza Mwalimu kama anaogopa. Alisema ndiyo, sana, akabonyeza.

Hakutaka Kogo aione kwenye simu. Alasiri ileile tulikwenda kwake wote wawili, na Mwalimu akamsomea neno kwa neno, amesimama, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Kogo alikuwa kwenye kiti, sahani ya viazi vya kuchemsha kando yake, haijaguswa. Aliposikia habari ya ndoano alifunika mdomo. Aliposikia tano alinyoosha mkono, akaomba asomewe tena hapo.

"Tano," alirudia. "Na mimi ni mbili, na nimekaa kwa kiti."

"Ndiyo, Kogo."

"Kumbe hatuko mbali."

"Hatuko mbali."

Alifikiri. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia, ingawa ningepaswa, maana ndilo ambalo mimi ningeuliza.

"Na ile ya kisingizio, ulitoa wapi? Hiyo si maneno yako. Wewe huongei hivyo na watu."

Mwalimu aliangalia sakafu. Hakutaka kunitaja. Ningeweza kunyamaza, kazi yangu yote ni kunyamaza nyuma ya sauti za watu wengine, na hakuna aliyewahi kugeuka kunitafuta.

"Ni mimi, Kogo," nilisema. "Niliandika mimi. Na sikukufikiria wewe hata kidogo."

Niliona haya kwa machozi yangu, kwa sababu mwenye njaa hakuwa mimi. Kogo aliniangalia kupitia miwani yake, kisha juu ya miwani. Hakunikemea. Alichukua kiazi kimoja, akakipasua, akala nusu, taratibu, bila kuniondolea macho. Akala nusu ya pili. Akachukua kingine. Tulikaa tukimtazama mpaka sahani ikabaki na maganda.

Alijipangusa vidole kwenye leso.

"Mwandishi," aliniambia, "hiyo umeona?"

"Nimeona."

"Basi hiyo ndiyo uandike."